Mtu mwenye hatumujue anatujibu kwa ukali juu ya masomo ya bure: tumujibu namna gani?



Kila mwaka masomo yanapofunguliwa, habari inakuwa ileile: shule fulani ya serikali imerudisha watoto nyumbani sababu wazazi hawakutoa franga. Kila mwaka sisi vijana tunaandika maoni yetu chini ya ile habari, na kila mwaka mtu mwenye hatumujue anatuangukia na maneno makali. Leo hatutaongea sana juu ya habari yenyewe. Tunataka kuongea juu ya yule mtu, na juu ya jibu tunalomurudishia, sababu tumeona kama pale njo tunapoteza watu kuliko pengine pote.

Wazo letu ni hili: mara nyingi yule mtu hapingi sentensi yenye tuliandika. Anapinga sentensi ingine, yenye iko ndani ya maisha yake, na ile yetu imeipita karibu tu. Kama tukijibu haraka, tunatetea sentensi yetu, yeye anatetea ya kwake, na tunaweza kugombana siku mbili bila kuongea juu ya kitu kimoja. Kujibu kwa utulivu ni kazi ya kutafuta kwanza ile sentensi yake. Kuuma meno na kuandika "ndugu mpendwa" wakati roho inawaka, ile ni kitu kingine.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Tumebadilisha maneno kidogo ili wenyewe wasitambulike.

Chini ya habari ya watoto waliofukuzwa, mmoja wetu aliandika hivi: "Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Tangu Septemba 2019 serikali yenyewe ilisema inaanza kuitimiza. Shule yenye inafukuza mtoto juu ya franga inavunja sheria. Wazazi, musilipe."

Hakuna uongo mule. Kifungu cha 43 kiko, na kila mtu anaweza kukisoma. Mwaka 2019 uko. Lakini kabla ya saa moja kupita, jibu hili likaingia:

"Muko watoto wa bure! Mulisoma iniversite na feza ya wazazi, leo hamuna ata kazi, munakuja kufunza watu wasilipe. Nyinyi njo munaua masomo. Huku kwetu kalasi moja iko na watoto 110 na mwalimu halipwi, muko wapi? Serikali iliwauza bei gani? Gratwite ni bongo mutupu."

Tuseme ukweli, maneno gani yanauma pale? Kwa wengi wetu ni yale matatu: "hamuna ata kazi." Yanauma sababu ni ya kweli. Mtu ambaye ana lisanse kwenye mfuko wa plastiki tangu myaka mitatu hahitaji mgeni wa kumukumbusha. Na hapo njo mtego uko. Mkono unakimbilia kujibu lile neno lenye linauma, kumbe ndani ya jibu lote lile neno halina uzito hata kidogo: kama tungekuwa na kazi, kifungu cha 43 kingebadilika? Hapana. Basi lisijibiwe. Hata "ni kweli hatuna kazi, lakini..." tusiliandike, sababu hapo mjadala unageuka kuwa juu yetu, na watoto waliofukuzwa wanasahaulika.

Kitu cha kwanza chenye tunafanya ni kukata lile jibu vipande na kuvitenganisha kama mtu anayechambua maharagi. Kuna vipande vya matusi: watoto wa bure, hamuna kazi, serikali iliwauza. Kuna vipande vyenye mtu anaweza kwenda kuangalia: kalasi iko na watoto 110, mwalimu halipwi. Na kuna vipande vya hitimisho: munaua masomo, gratwite ni uongo. Matusi tunayaweka pembeni. Hitimisho nalo tunaliacha kwanza, sababu hitimisho haliwezi kuanguka kama yale yanayolishikilia bado yamesimama. Kinachobaki ni kile cha katikati, chenye mtu anaweza kuhesabu. Jibu lolote lenye halina kitu cha katikati, yaani matusi matupu kutoka juu mpaka chini, hatulijibu. Tunapita.

Lakini hapa katikati iko, na ni nzito. Watoto 110 na mwalimu mmoja. Mtu hawezi kutunga namba kama ile akiwa anacheka tu. Mtu mwenye kutaja namba mara nyingi alihesabu.

Sasa tuangalie vizuri: maoni yetu yalisema nini, na yeye alisema nini? Sisi tuliongea juu ya haki, juu ya vile inapaswa kuwa. Yeye aliongea juu ya vile iko. Katiba inaweza kuwa na haki na kalasi ikawa na watoto 110, vyote pamoja, siku moja, katika shule moja. Maneno yake hayafuti yetu na yetu hayafuti ya kwake. Hapo tunaanza kujua kama yule mtu yuko na sentensi ingine ndani, na bado hatujaiona.

Mmoja wetu aliandika jibu la kwanza katika sehemu ya nota ya simu, hakulituma. Lilikuwa la moto: lilimwita muzee mwenye amekaa anakula franga za watoto. Hatutalirudia hapa, kila mtu anajua kuandika lile. La pili ndilo tunataka mulione, sababu ni lenye kudanganya:

"Ndugu mpendwa, tafazali soma kwanza Katiba kifungu cha 43 kabla ya kuongea. Hatuna shida na wewe. Tunaongea na sheria, hatuongei na hasira. Siku njema."

Linaonekana tulivu, sivyo? Hakuna tusi hata moja. Lakini lisome kwa sauti, ukijiweka kwa nafasi ya mtu mwenye alitoka kwenye kalasi ya watoto 110. "Soma kwanza" inamwambia hajui kusoma. "Hatuongei na hasira" inamwambia yeye ni mtu wa hasira, sisi ni watu wa akili. "Siku njema" inamufungia mlango kwenye pua. Jibu kama hili ni matusi yenye yamevaa koti na krawati. Na baya zaidi, halikugusa namba yake: wale watoto 110 hawamo mahali popote. Kwa yule mtu, kutomujibu juu ya kile alichohesabu ni kumwambia alihesabu bure.

Kuna mtaalamu mmoja wa hesabu, Anatol Rapoport, mwenye alichunguza muda mrefu namna watu wanavyogombana na namna wanavyobishana, na akatoa kitabu juu ya ile kazi mwaka 1960. Wazo lake lenye limebaki ni hili: kabla ya kumupinga mtu, sema wazo lake wewe mwenyewe, vizuri mpaka yeye akubali kama ni vile. Nyuma yake, mwonyeshe ni wapi wazo lake ni la kweli. Kumupinga kunakuja mwisho. Inaonekana jambo rahisi. Jaribuni siku moja na mtu mwenye amewaita watoto wa bure, mutaona jasho.

Hili njo jibu lenye lilitumwa, karibu saa tatu nyuma ya lile lake:

"Mukubwa, asante kwa kutueleza. Kama tunawaelewa vizuri, munasema hivi: hata Katiba ikisema masomo ni bure, kalasi ikiwa na watoto 110 na mwalimu asipolipwa, mtoto anaingia bure na anatoka bure, hajui kitu. Kama si vile, mutukosoe. Ile ya mwalimu tunakubaliana nanyi, hakuna mtu anayefundisha na njaa. Tuko na swali moja: kwenu, walimu wenye hawako kwenye listi ya serikali, kabla ya 2019 walikuwa wanaishi na nini?"

Tuangalie namna lilivyoshonwa. Linamwita Mukubwa, na linatumia "mu" ya heshima, hata kama yeye alitudharau. Hatujui umri wake. Kama ni mkubwa, ni haki yake, na kama ni mdogo, hatukupoteza kitu. Linarudisha wazo lake kwa maneno bora kuliko yale aliyotumia mwenyewe, na namba yake 110 iko ndani, haikupotea. Linaonyesha mahali tunapokubaliana, na baada ya hapo hakuna "lakini". Hili neno dogo muliangalie sana. Ukiandika "tunakubaliana, lakini", msomaji anasoma kuanzia "lakini", yale ya mbele yanakuwa moshi. Tukiwa na jambo la kupinga, tunaliweka katika sentensi yake yenyewe, au tunalingojesha mzunguko wa pili.

Na swali. Swali ni moja tu, na ni la kweli, maana hatukujua jibu lake. Kuna maswali yenye ni ngumi: "Kwa hiyo munataka watoto wa maskini wakae nyumbani?" Lile si swali, kila mtu anasikia. Njia ya kupima ni rahisi: jiulize kama jibu lolote lenye atatoa linaweza kukufunza kitu. Kama hapana, lifute.

Hatukutaja tena kifungu cha 43. Tulikuwa tumeshakitaja, kiko pale juu, kila mtu anakiona. Kurudia sheria mara tatu haiifanyi sheria kuwa kweli mara tatu.

Kuhusu zile saa tatu: hazikuwa za kumuadhibu kwa kumungojesha. Simu iliwekwa chini, mtu akaenda kuchota maji, akarudi. Jibu likaandikwa kwenye nota, mbali na kile kidude cha kutuma, kisha likasomwa kwa sauti kwa mtu wa pili mwenye hakusoma lile tusi. Yeye hana moto, anasikia mahali sauti inapanda. Kama huna mtu wa pili, lisome ukiwaza kama unaliambia baba mkwe wako mbele ya mbuzi wa mahari. Utaona maneno mangapi yanakufa yenyewe.

Jibu lake likarudi jioni:

"Hapo sasa munaongea. Mimi niko mwalimu. Niko N.U. tangu myaka munane. Mbele wazazi walikuwa wanatoa kitu, direkta anatugawia. Gratwite ikakuja, wakafunga ile feza, na jina yangu haikutoka Kinshasa mpaka leo. Munaposema wazazi wasilipe, munasema watoto yangu wasikule."

Ile njo sentensi ingine.

Kwa wale wenye hawajui: mwalimu wa N.U. ni mwalimu mwenye shule ilimuchukua, anafundisha kila siku kama wengine, lakini jina lake halijaingia kwenye listi ya serikali ya kulipwa. Bado hajakuwa mekanize, kama wanavyosema wenyewe. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu vizuri, wazazi njo walibeba ule mzigo, na wakauita prime. Kwa mwalimu mwenye listi ya serikali haimujui, kile walichotoa wazazi kilikuwa mshahara wote. Masomo ya bure yalipoanza, serikali ilikataza wazazi kutoa. Kwa mzazi ule ulikuwa uhuru. Kwa mwalimu wa N.U. ulikuwa mlango wa jikoni kufungwa.

Basi neno letu "musilipe" lilitoka kwetu likiwa neno la haki ya mtoto, na likafika kwake likiwa neno la njaa ya mtoto wake. Ni neno lilelile moja. Kama tungetuma lile jibu la koti na krawati, hatungejua hata siku moja. Tungesema "yule ni mtu wa kamata-kamata, anatetea wizi wa direkta," na yeye angesema "wale ni vijana wa politike." Na wale wote wenye walikuwa wanasoma bila kuandika, na hao ni wengi kuliko wenye kuandika, wangechagua upande kwa kuangalia nani alitukana vizuri zaidi.

Tulimujibu mara ya pili hivi:

"Mukubwa, sasa tumeelewa, na pole kwa hii myaka munane. Tulichoandika kinabaki: mtoto asifukuzwe juu ya franga. Na tunaongeza kile mulichotuonyesha: mwalimu anayefundisha aingie kwenye listi, sababu kama halipwi, shule itatafuta franga kwa mtoto tu. Haya ni madai mawili ya mtu mmoja. Munaona vile?"

Wazo letu halikuanguka pale. Lilikuwa limesimama na mguu mmoja, likapata wa pili. Tangu siku ile, maoni yetu juu ya masomo yanataja vyote viwili, na walimu wenye walikuwa wanatukimbia wanaanza kusoma mpaka mwisho.

Alikubali? Nusu. Alisema madai ni mazuri, ila mpaka Kinshasa ijibu, wazazi waendelee kutoa kidogo. Akapiga hesabu: tuseme kila mtoto atoe 2.000 kwa mwezi, mara 110, ni 220.000, angalau mwalimu anapata ya bunga. Hesabu yake ni sawa. Sisi tukapiga yetu: mama mwenye watoto watano katika ile shule anatoa 10.000 kwa mwezi, na akikosa, wake njo wanarudishwa wa kwanza. Hesabu yetu pia ni sawa. Hapo tulifika mwisho wa kweli. Kila mmoja alikuwa anajua mwingine anamaanisha nini, na bado hatukubaliani nani abebe mzigo wakati wa kungoja. Tukamuambia hivyo: "Mukubwa, hapa njo tunaachana, asante kwa kutufunza." Naye akaandika: "Sawa vijana." Hakuomba msamaha juu ya matusi, na sisi hatukumuomba.

Hii ni muhimu: tusiingoje ile pole. Ukijibu kwa utulivu ukitegemea mtu aombe msamaha, siku asipoomba utawaka mara mbili. Na mizunguko miwili inatosha, labda mitatu kama kuna kitu kipya kinaingia. Ukiona mzunguko wa pili unaleta namba mpya au habari mpya, endelea. Ukiona unarudisha yaleyale na sauti kubwa, acha, na useme kama unaacha. Kunyamaza ghafla kunaonekana kama kukimbia.

Kuna alama zenye zinaonyesha kama jibu linaharibika kabla ya kulituma, na tumeziona kwetu sote. Jibu lako ni refu mara tatu kuliko la kwake: hapo hujibu tena, unahubiri. Umemusahihisha namna alivyoandika neno fulani: hapo umeacha jambo, umeshika mtu. Umeweka kile kichwa kidogo cha kucheka na machozi: kwa mwenye hasira, kile ni kofi. Umetuma jibu la pili wakati yeye hajajibu la kwanza: moto umekushinda, weka simu chini.

Wengine watatuambia: kule Furu, Butembo, kwenye parlement debu, watu wanabishana juu ya habari wakiwa wamesimama, wanapiga kelele, na bado wanarudi nyumbani pamoja. Kwa nini sisi tujifunge hivi? Ni kweli. Lakini pale mtu unamuona. Unaona viatu vyake, unaona jasho lake, unasikia kama kelele yake ni ya mchezo au ya uchungu. Akisema "muko watoto wa bure" huku anacheka na kukushika bega, ni salamu karibu. Kwenye maandishi bega haliko. Yule mwalimu, kama tungekutana naye amesimama, vumbi ya chaki kwenye mikono ingetuambia yote kabla hajafungua kinywa.

Sasa mipaka, sababu hii njia haifanyi kazi kila mahali, hasa huku kwetu mashariki.

Mtu akijibu kwa kutaja kabila lako, kukuita mgeni katika inchi yako, kusema watu fulani wafukuzwe au wauawe, hapo hakuna sentensi ingine ya kutafuta. Usirudishe wazo lake kwa maneno mazuri, utakuwa unalisambaza. Usijibu kabisa. Piga picha ya ekrani yenye kuonyesha maneno, jina linaloonekana na tarehe, kisha ripoti, na mwonyeshe mtu mwenye anajua sheria. Tuko na sheria juu ya jambo hili tangu zamani: ordonansi-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Wengi hawaijui, hata wenye kuvaa robe nyeusi wengine.

Mtu akikuuliza unaishi kartie gani, au mko wangapi, au nani anawaongoza, hata kama anauliza kwa upole sana, usijibu. Mkali mwenye kutaja watoto 110 ni salama kuliko mpole mwenye kutaka kujua mlango wako.

Na habari ikiwa ni ya watu waliouawa, iwe Beni, iwe Ituri, iwe popote, ukali wa mgeni pale usiupime kama ukali mwingine. Inawezekana anaandika akiwa amekaa kwenye matanga. Hata kama anasema kitu chenye si sawa juu ya nani alifanya nini, siku ile si siku ya kumurudishia wazo lake na kumuuliza swali. Andika pole, majina yakiwa yanajulikana uyataje kwa heshima, na mjadala uungoje mpaka watu wamezika.